Kitufe cha 1 kwa king'amuzi, cha 2 kwa YouTube

Majuzi niliitwa na mama mmoja mtaa wa Langoni, hapa Lamu. Runinga yake ni LG yenye webOS. "Mwanangu," akaniambia, "wajukuu wakishaondoka hapa wameacha YouTube, na mimi nataka taarifa ya habari. Nikianza kubonyeza naingia nisikokujua."

Rimoti yake ina tarakimu, na hapo ndipo dawa ilipo. Ukigusa tarakimu na kuiachia, runinga hudhani unataka chaneli. Ukiibonyeza na kuishikilia, hufungua kitu ulichokihifadhi hapo, kiwe programu au tundu la HDMI.

King'amuzi chake kimechomekwa HDMI 2. Kwanza nilifika HDMI 2 kwa njia ya kawaida, picha ikatokea. Nikiwa papo hapo nikashikilia 1 mpaka runinga ikauliza kama niihifadhi, nikakubali. Utaratibu huu watu wengi huukosea: runinga huhifadhi kile kilicho wazi wakati ule, kwa hiyo ukishikilia tarakimu ukiwa bado kwenye YouTube, utahifadhi YouTube. Baadaye nikafungua YouTube, nikaihifadhi kwenye 2. Kisha nikampa yeye rimoti ajaribu mwenyewe, maana mkono wa mzee huachia kitufe mapema, na runinga ikaona tarakimu tu. Nikamwambia ashikilie mpaka picha ibadilike.

Siku chache baadaye akapiga simu: kitufe kimeharibika, kioo kinaandika No Signal. Nikamuuliza, "Mama, pale juu pameandikwa nini?" Akasoma: HDMI 2. Basi kitufe kilikuwa kizima, kimempeleka kilipoagizwa. Kingekuwa kibovu, YouTube ingebaki pale pale. Nilipofika nikakuta mjukuu amechomeka mashine yake ya michezo HDMI 2, nayo imezimwa, na kuhamishia king'amuzi HDMI 1. Njia ya mkato hushika tundu. Haijui kilichochomekwa humo. Nikarudisha kebo, na nyuma ya runinga nikabandika karatasi: HDMI 2, usiguse.

Kama ningetaka kuiacha kebo HDMI 1, kushikilia 1 tena kusingesaidia, kwani tarakimu iliyokwisha kuhifadhiwa hufungua tu. Ingebidi nishikilie 0, ukurasa wa Edit Quick Access ufunguke, nifute ya zamani, kisha nihifadhi upya.

Kuna No Signal nyingine isiyohusu kebo: king'amuzi kimezimwa au kimelala. Njia hii ya mkato hubadilisha tundu tu, haikiamshi king'amuzi chake. Umeme ukikatika na kurudi, nimemfundisha aangalie kwanza taa ya king'amuzi, akiwashe kwa rimoti yake, ndipo ashikilie 1.

Na kile kitufe chenye jina la Netflix aliniuliza kama nacho chaweza kupewa king'amuzi. Kwa rimoti yake, hapana; kinachobadilika ni tarakimu.