Nusu saa si lazima iwe kilomita tatu

Nimetumiwa tena ile picha: kiatu, saa, na maandishi mekundu yanayosema nusu saa ni kilomita 3, chini ya hapo hujafanya mazoezi. Aliyenitumia ni mgonjwa wangu. Yeye aliipata kwenye kundi lake la kutembea asubuhi, na kundi nalo liliipata kwa mtu ambaye hakuna anayemjua. Mimi ni mfiziotherapia hapa Dodoma, magoti na miundi ya watu ndiyo kazi yangu, kwa hiyo kibiashara sina sababu ya kuichukia picha hii. Inaniletea wateja. Ila nimechoka kuwajibu mmojammoja.

Tuanze na lengo lenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kiwango cha wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au ya nguvu kwa dakika 75 hadi 150, au achanganye. Usome wote, hutakuta kilomita. Wanahesabu muda na wanahesabu jinsi mwili unavyofanya kazi ndani ya muda huo. Nusu saa mara tano kwa wiki inakupa dakika 150, na hapo umegusa mstari wa chini. Umbali ni matokeo tu, na kila mwili una matokeo yake.

Sasa hiyo kilomita 3 imetoka wapi? Imetoka kwenye kugawa. Mtu anayekwenda kilomita 6 kwa saa, kwenye tambarare, atafikisha kilomita 3 kwa nusu saa. Anayekwenda 5 kwa saa atafikisha mbili na nusu, na anayekwenda 4 atafikisha mbili kamili. Huyu wa kilomita mbili anatumia takriban mara tatu ya nguvu anayotumia akiwa amekaa kwenye kiti, na kiwango cha wastani kinaanzia hapohapo, mara tatu. Kwa hiyo wengi wanaoambiwa hawajafanya kitu, wamefanya. Kilomita 6 kwa saa ni mwendo mzuri wa mtu mwenye miguu mirefu na afya njema. Kuna aliyeuchukua akaugeuza sheria ya kila mtu.

Nieleze kwa mtu mmoja. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, ana presha, na daktari wake alimwambia atembee. Akajiunga na kundi. Baada ya wiki chache akaja kwangu na maumivu ya miundi, miguu yote miwili, upande wa mbele, yanayoanza akiwa njiani na kumfuata hadi jioni. Nikamuuliza anatembeaje. "Natembea kawaida tu daktari, ila mwishoni nakimbiakimbia kidogo ili nifikishe."

Nikatandaza futi kamba kwenye varanda ndefu ya kliniki, mita 20, nikamwomba aanzie nyuma kidogo ya alama ili akifika kwenye mstari awe tayari kwenye mwendo wake wa haraka. Nikahesabu hatua 32. Gawa 20 kwa 32, unapata sentimita 62 na nusu kwa hatua. Ukitaka mtu huyu afike kilomita 3 anahitaji hatua 4,800, na ndani ya dakika 30 hizo ni hatua 160 kila dakika. Simama hapo ulipo ujaribu kupiga hatua 160 kwa dakika bila kukimbia. Wakimbiaji wengi wa kawaida mwendo wao uko karibu na hapo. Mama huyu hakuwa mvivu wala hakukosea chochote. Alikuwa anakimbia na viatu vya kwendea sokoni kwa sababu picha ilimwambia kutembea kwake hakutoshi.

Mwendo wake halisi wa haraka, ule ambao pumzi inapanda lakini anaweza kunijibu, ulikuwa hatua 115 kwa dakika. Zidisha kwa hatua yake, ni karibu mita 72 kila dakika. Nusu saa inampa kilomita 2 na mita 150 hivi. Kwa dakika 150 za wiki ni karibu kilomita 10.8, na amefikisha lengo, wakati kundi lake linamdai kilomita 15.

Sasa mweke pembeni yake kijana wa futi sita anayepiga hatua ya sentimita 80. Akijivuta kwa hatua 104 kwa dakika, huku anaongea na simu, nusu saa inamfikisha kilomita mbili na nusu. Amempita mama kwa mita 350 na jasho halijamtoka. Kwa mizani ya picha wote wawili wamefeli, na kijana amefeli kwa heshima zaidi. Kwa mizani ya mwili, mama kafanya kazi na kijana huenda hajafanya.

Nasema huenda kwa sababu hapa vitabu vinajifanya vina uhakika kuliko tulio nao. Kuna kipimo cha haraka tunachokitumia sana: hatua 100 kwa dakika ndipo kiwango cha wastani kinapoanzia, na karibu 130 ndipo kazi nzito inapoanzia. Kinatokana na tafiti, ni kizuri, na mimi nakitumia kila siku. Lakini ni wastani wa watu wengi. Mtu mrefu anaweza kufika kwenye kiwango hicho akiwa chini kidogo ya 100, na mtu mwenye mazoezi ya muda mrefu anaweza kupita 110 bila moyo wake kushtuka. Kwa kijana wangu wa futi sita, hatua 104 kwenye karatasi ni kiwango cha wastani. Ukimsikiliza anavyopumua, ni matembezi ya kwenda kununua vocha. Nimfuate nani, karatasi au pumzi? Mimi humfuata pumzi, na najua wenzangu wengine wasingekubali.

Pumzi inapimwa kwa mdomo. Ukiwa kwenye mwendo wa haraka unaostahili kuhesabiwa, unaweza kumsimulia mwenzako mambo ya shamba, sentensi nzima hadi nukta, lakini ukijaribu kuimba pambio la kanisani unakatika katikati ya mstari. Kama wimbo unatoka wote, ongeza mwendo. Kama hata salamu unaijibu kwa neno mojamoja, umeshaingia kwenye kazi nzito. Si kosa, dakika zake zinahesabika mara mbili, ila usilianze hilo ukiwa na presha ambayo haijatulia. Na wanaotumia dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo wasihangaike na namba za mapigo kwenye saa za mkononi, kwa sababu dawa inazishusha. Mdomo bado unasema kweli.

Kuhusu simu nitasema haraka. Simu inachukua umbali wote inaugawa kwa muda wote. Ukisimama dakika nne kumsalimia mtu pale Nyerere Square, simu itakwambia umekwenda kilomita 2 kwa nusu saa, yaani mwendo wa 4. Ukiondoa kusimama, zile kilomita 2 umezitembea kwa dakika 26, yaani mwendo wa 4.6. Mwendo wako ulikuwa mzuri kuliko unavyoonyeshwa, ila dakika zako ni 26, si 30. Ongeza nne wakati mwingine. Zamani tulikuwa tunawaambia watu kipande kisipungue dakika kumi ndipo kihesabike. Mwongozo wa 2020 uliliondoa hilo, kwa hiyo hata dakika nne za haraka kutoka kituo cha daladala hadi ofisini ni zako.

Kinachonikera zaidi ya yote ni kwamba picha ile imechorwa na mtu anayedhani dunia yote ni lami tambarare. Watu wa Dodoma hatuishi kwenye lami tambarare. Wanaotembea barabara za chuo kule UDOM wanajua kilima. Kwenye mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100, mtu anayepanda kwa mwendo wa 4 kwa saa anatumia nguvu inayokaribiana na ya anayekwenda 6 kwenye tambarare. Soma tena sentensi hiyo. Yule anayepanda taratibu, ambaye kwa nusu saa ya kupanda angepata kilomita 2 tu, anafanya kazi inayokaribiana na ya shujaa wa kilomita 3. Akigeuka kushuka ni kinyume, kilomita zinakuja kwa wingi na pumzi inatulia. Kwa hiyo kwenye njia ya kupanda na kushuka, dakika ninazozihesabu bila wasiwasi ni zile za kupanda. Za kushuka nazipima kwa wimbo.

Halafu kuna mchanga. Mitaa mingi ikishaacha lami unaingia kwenye mchanga, na wapo wanaopenda kutembea ndani ya makorongo makavu kiangazi kwa sababu hakuna bodaboda. Kwenye mchanga mlaini mkavu, ule unaozamisha kiatu, gharama ya kutembea inaweza kuzidi mara mbili ya ile ya sakafu ngumu kwa mwendo uleule. Umbali utashuka sana na hakuna kitu kibaya kinachotokea, isipokuwa kwa mwenye kano za kisigino zinazouma, ambaye namkataza korongo kabisa. Upepo wetu wa kiangazi nao unafanya kazi hiyo: kwenda unausukuma, kurudi unakusukuma. Ni kiasi gani hasa kwa mtu wa kawaida, siwezi kukupa namba ya kuiamini. Ndiyo maana sipendi kulinganisha kilomita za Agosti na za Machi.

Ukitaka namba yako mwenyewe, fanya kama nilivyofanya na mama: mita 20, hesabu hatua, gawa. Kisha siku nyingine tembea kwa haraka, ukishapita dakika tano za mwanzo hesabu hatua za dakika moja, zidisha kwa urefu wa hatua yako. Zidisha tena kwa 30, unapata mita; gawa kwa 1,000. Hizo ndizo kilomita zako za nusu saa kwenye njia hiyo, kwa kukadiria, maana hatua inarefuka mwendo unapoongezeka, na uchovu unaifupisha.

Mama tulimpumzisha kukimbia, tukaimarisha misuli ya vigimbi, akabadilisha viatu, akarudi njiani na kilomita zake mbili na kitu. Baadaye nilimpima tena kwenye varanda ileile, hatua 30 badala ya 32. Kwa mdundo wake uleule wa 115, hiyo ni karibu kilomita 2.3 kwa nusu saa. Alifurahi sana, akaniuliza lini atafika tatu. Nikamwambia aniimbie akiwa anatembea. Alikatika kwenye mstari wa kwanza, kwa hiyo mwendo tumeuacha hapohapo, tukaongeza siku ya sita.