997 na 998: namba mbili za Ghuba zinazobadilishana kazi

Hivi karibuni mama mmoja wa Tanga alituletea video aliyotumiwa kwenye kundi la familia. Jengo la ghorofa linawaka, watu wanakimbia, na chini pameandikwa kwamba ni Dubai, asubuhi ya siku ile. Binti yake anafanya kazi Dubai na simu yake ilikuwa haipatikani. Kazi yetu ni kuhakiki picha, na jambo la kwanza tulilolitafuta halikuwa jengo wala moshi, bali gari la zimamoto. Magari mengi ya zimamoto duniani yameandikwa ubavuni namba ya kupiga wakati wa dharura, na namba hizo mara nyingi hutofautiana nchi hadi nchi.

Tulisimamisha video pale gari lilipopita karibu na kamera, tukaikuza. Ubavuni palikuwa na namba 998.

Falme za Kiarabu, ambako ndiko iliko Dubai, polisi ni 999, gari la wagonjwa ni 998 na zimamoto ni 997. Ukivuka mpaka kuingia Saudi Arabia, polisi ni 999 vilevile, ila hizo mbili nyingine zimebadilishana: 997 ndiyo ya wagonjwa na 998 ndiyo ya zimamoto. Kwa hiyo 998 peke yake haikuambii kitu. Lazima kwanza ujue iko kwenye gari gani. Ikiwa kwenye gari la wagonjwa, elekea Falme za Kiarabu. Ikiwa kwenye gari la zimamoto, elekea Saudia. Gari la kwenye video yetu lilikuwa jekundu, lina ngazi na mipira ya maji. Lilikuwa la zimamoto bila shaka.

Hata hivyo hatukumwambia mama neno mapema, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Namba ile ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, ٩٩٨. Tisa yao inafanana na yetu, lakini saba ni kama herufi V iliyosimama wima, na nane ni V hiyohiyo iliyopinduliwa, mdomo ukitazama chini. Picha ikiwa na ukungu, au simu ikiwa imeshikwa juu chini, saba inageuka nane na nchi inageuka pamoja nayo. Usianze kuisoma kuliani kwa kuwa ni Kiarabu. Tarakimu zao husomwa kutoka kushoto kama zetu. Tuliangalia V ile kwenye picha tatu tofauti za video ileile, na zote mdomo ulikuwa chini. Ni nane.

Baada ya hapo tukatafuta shahidi wa pili. Nyuma ya zimamoto palikuwa na gari dogo limeegeshwa, na pembeni mwa kibao chake cha namba zilisomeka herufi KSA, ambazo ziko kwenye vibao vya magari ya Saudia. Hapo tukampigia mama tukamwambia kwamba moto ule haukuwa Dubai. Ulitokea lini, hatukuweza kumwambia, maana namba ya dharura inaonyesha mahali, haionyeshi tarehe.

Si kila namba inasema waziwazi kama hizi. 999 ilianzia London mwaka 1937 na ikasambaa na utawala wa Mwingereza, ndiyo maana utaikuta Kenya na Uganda, na pia Bahrain na Qatar. 112 iko Ulaya nzima na Afrika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, kwa hiyo inasaidia kidogo sana. Hata 114 ya zimamoto wetu wa Tanzania ndiyo namba ya zimamoto ya Vietnam. Namba za aina hiyo zinahitaji lugha iliyoandikwa kando yake, au kibao cha gari, kabla hujatamka nchi.

Saudia nayo inabadilika. Miji mikubwa kama Riyadh na Makka sasa inatumia 911 kwa dharura zote, kwa hiyo ukiona 911 kando ya maandishi ya Kiarabu usikimbilie kusema picha imechezewa.

Na kwa ndugu zetu wanaohama kazi kutoka Abu Dhabi kwenda Saudia, nje ya miji hiyo ya 911, tofauti hii si ya picha tu. Aliyezoea kupiga 998 mtoto anapozidiwa, akiipiga kule atakuwa amepigia zimamoto. Anayekwenda Oman asibebe yoyote kati ya hizo: kule ni 9999, tisa nne, kwa polisi, wagonjwa na moto.