Gudwili ya ofisi si ada za mwaka mzima

Kila wabia wawili wa ofisi ya uhasibu, sheria au usanifu majengo wanapoachana, hukosi mtu wa kusema: "Gudwili ni mapato ya mwaka mmoja, gawanya kwa mbili, mpe chake." Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, na ndiyo sababu imeenea. Ila inachopima ni ukubwa wa ofisi. Gudwili haimo ndani yake.

Gudwili ni thamani ya biashara inayobaki baada ya kuondoa mali zote zinazoweza kuhesabiwa moja moja. Mwaka 1810, katika kesi ya Cruttwell na Lye, jaji wa Uingereza Lord Eldon aliieleza kuwa ni uwezekano tu wa wateja wa zamani kurudi mahali pa zamani. Wanasheria waliomfuata waliona maelezo hayo ni membamba mno, lakini neno "uwezekano" lilikaa pale pake. Kinachouzwa hapa ni faida inayotarajiwa kuendelea kuja hata mmoja akishaondoka.

Tuchukue ofisi ya wahasibu wawili wenye hisa sawa. Sarafu iwe yoyote, hesabu iwe kwa mamilioni. Ada za mwaka ni 240. Mishahara ya wafanyakazi, pango na gharama nyingine ni 120. Zinabaki 120, na wabia hugawana 60 kwa 60. Kwa kanuni ile ya mkato, anayeondoka angedai 120 za gudwili, nusu ya ada.

Sasa jiulize: zile 60 anazochukua kila mbia kwa mwaka ni za nini? Sehemu kubwa ni ujira. Anasimamia kazi, anakagua hesabu, anatia saini, anajibu simu za wateja usiku. Akiondoka, lazima mtu mwingine alipwe kuifanya kazi hiyo. Tuseme mhasibu mwenye uzoefu wa kiwango hicho huajiriwa kwa 42. Kwa watu wawili ni 84, na katika zile 120 zinabaki 36. Tena ofisi ina mali halisi za 60, yaani vifaa, fedha benki, ankara ambazo hazijalipwa na kazi iliyofanywa bila kutolewa ankara, baada ya kutoa madeni. Mtaji huo nao unastahili pato lake. Kwa asilimia 10 ni 6. Kilichobaki ni 30, na hiyo ndiyo faida ya ziada, faida isiyoelezwa na jasho la mtu wala mtaji. Gudwili inatoka humo peke yake.

Ukizidisha 30 kwa 3 unapata 90, na nusu ya anayeondoka ni 45. Hiyo 3 haikuandikwa popote. Ni uamuzi kuhusu miaka ambayo faida hiyo itadumu kwa wateja wa aina hii, na wateja wa vitabu vya kila mwezi hudumu kuliko wa kesi ya mara moja. Mali halisi zinalipwa kando, nusu yake ikiwa 30. Mtu akidai tena ankara ambazo hazijalipwa kwa jina la gudwili, anadai kitu kimoja mara mbili, na hili hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Mpaka hapa wengi hukubaliana. Panaponikera ni pale gudwili ya ofisi na gudwili ya mtu zinapotiwa chungu kimoja.

Katika zile ada za 240, tuseme 100 zinatoka kwa wateja wanaompigia anayeondoka moja kwa moja. Wanamjua yeye, na jina la ofisi wanalisoma kwenye ankara tu. Akiondoka, huenda wengine wakamfuata au wakatafuta mhasibu mwingine. Kama ada za 40 zitapotea na gharama zikapungua kwa 22, faida inashuka kwa 18. Faida ya ziada inakuwa 12, gudwili nzima 36, na nusu yake 18. Anayebaki akilipa 45 atakuwa amenunua uhusiano ambao umeshatoka mlangoni na mwenye nao.

Lakini usikimbilie 18 pia. Kinachoamua ni mkataba wa ubia. Kama wabia walikubaliana tangu mwanzo kwamba anayetoka hatawafuata wateja wa ofisi kwa muda fulani, basi wateja hao, kwa kiasi ambacho sharti hilo linatekelezeka, ni wa ofisi, hata kama wanampenda mtu mmoja. Gudwili ya mtu inageuzwa kuwa ya ofisi kwa sharti la namna hiyo na kwa makabidhiano ya kweli: barua kwa wateja, vikao vya pamoja, mafaili yenye maelezo yanayosomeka. Mkataba ukisema gudwili haithaminiwi kabisa, na mingine husema hivyo, hakuna cha kubishania. Kwa hiyo mkataba usomwe kabla ya kikokotoo kuwashwa.

Pasipo sharti, tazama mambo yaliyokwisha kutokea. Mbia huyu alipougua au kuchukua likizo ndefu, ada zake zilishuka? Nani mwingine amewahi kukutana na wateja hao uso kwa uso? Mteja alipokuwa na shida alimtafuta nani? Majibu hayo yana uzito kuliko kiapo cha mtu yeyote mezani. Pia kuna kosa la kukwepa: ukishazitoa ada zitakazopotea, usipunguze tena kile kizidishi kwa sababu ileile ya wateja kuondoka. Anayebaki hupenda kufanya hivyo, na utadhani ni tahadhari tu.

Kwa kuwa hakuna anayejua wateja wangapi watabaki, wengi wenye busara hawalipi bei yote siku moja. Katika mfano wetu, anayebaki anaweza kulipa 18 mwanzoni, na 27 zinazobaki zitegemee orodha ya wateja iliyoambatanishwa kwenye makubaliano. Baada ya misimu miwili ya ankara, kama wote wamebaki, 27 zinalipwa zote. Kama nusu ya zile ada za 40 zimepotea, zinalipwa 13.5. Orodha iandikwe kwa majina, na isemwe wazi kwamba kinachohesabiwa ni ada zilizopokelewa, si zilizoandikwa kwenye ankara, la sivyo mtahesabu madeni mabaya kama uaminifu wa wateja. Na anayebaki asipewe nafasi ya kuwapuuza wateja hao kwa makusudi ili alipe kidogo. Kiwango cha huduma nacho kiandikwe.

Basi mbia anayesema "nimemuuzia mwenzangu wateja wangu" asahihishwe kwa upole. Mteja hauzwi, maana kesho anaweza kwenda atakako bila kumwomba ruhusa yeyote kati yao. Alichouza ni nusu yake ya faida ya ziada, pamoja na ahadi ya kutowavuta wateja hao tena. Ahadi hiyo isipoandikwa, mwenzake ajue anailipia bila kuipata.