Kwa nini wasifu wenye safu mbili husomwa ovyo na programu

Ukifungua wasifu wa kazi wenye safu mbili, jicho lako linaona mara moja kwamba upande wa kushoto ni habari moja na wa kulia ni nyingine. Programu inayopokea maombi ya kazi haina jicho hilo. Yenyewe hutoa maandishi kwenye faili kwanza, ikayapanga yawe mfululizo mmoja kuanzia juu hadi chini, ndipo ianze kutafuta jina, elimu, vyeo na miaka. Mpangilio ukishavurugika katika hatua ya kwanza, hatua zinazofuata zinafanya kazi na maandishi mabovu.

Chanzo cha tatizo ni namna PDF inavyohifadhi maandishi. Kwa kawaida ndani yake hakuna kitu kinachoitwa safu au aya. Kuna maagizo tu: chora herufi hizi, umbali huu kutoka kushoto, kimo hiki kutoka chini ya ukurasa. Programu nyingi hukusanya herufi zilizo kwenye kimo kimoja na kuzihesabu kuwa mstari mmoja, kisha huzisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa barua ya kawaida, njia hiyo inafaa kabisa. Kwa safu mbili, mstari mmoja unavuka mpaka.

Tuchukue mhasibu ambaye kushoto ameweka elimu na lugha, na kulia ameweka uzoefu wa kazi. Programu ikisoma kwa kufuata kimo, inapata hivi:

```
ELIMU UZOEFU
Shahada ya Uhasibu Mhasibu Mwandamizi
2012–2015 2019–2024
LUGHA Mhasibu Msaidizi
Kiswahili, Kiingereza 2015–2019
```

Hakuna neno lililopotea, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu kosa halijitangazi. Kichwa cha habari sasa ni "ELIMU UZOEFU", ambacho hakilingani na kichwa chochote ambacho programu imefundishwa kukitafuta. Shahada na cheo vimeungana. Kazi ya kwanza ya mtu huyu imeangukia chini ya lugha, na miaka yake minne huenda isihesabiwe kabisa kama uzoefu.

Zipo programu zinazojaribu kutambua safu kwa kutafuta ukanda mweupe ulioshuka katikati ya ukurasa. Zinafaulu ukanda ukiwa mpana na haujakatizwa. Kichwa kirefu kinachopita juu ya safu zote mbili, au nafasi nyembamba kati yake, kinatosha kuzipoteza. Nyingine hufuata tu mpangilio ambao maandishi yaliandikwa ndani ya faili. Hapo wasifu uliotengenezwa kwa programu ya usanifu unaweza kuanza na ujuzi na kumalizia na jina, kwa sababu kisanduku cha jina ndicho kilichochorwa mwisho.

Faili la DOCX lina tabia tofauti. Humo safu ni sifa ya ukurasa tu, na maandishi yenyewe yamefuatana kama yalivyoandikwa, hivyo mara nyingi husomeka sawasawa. Ukihifadhi faili hilohilo kama PDF, tatizo linarudi. Jedwali nalo husomwa mstari kwa mstari, seli kwa seli. Ikiwa kila mstari una mwaka na kazi yake, hakuna kinachoharibika. Ikiwa jedwali limetumika kama ujanja wa kutengeneza safu, elimu seli ya kushoto na kazi seli ya kulia, mstari baada ya mstari, matokeo ni yaleyale ya mhasibu wetu. Tena baadhi ya programu husoma aya za kawaida peke yake na kuruka majedwali yote.

Kijajuu na kijachini, yaani maandishi yanayojirudia juu na chini ya kila ukurasa, vina hatari yake. DOCX ni furushi la mafaili: habari kuu imo kwenye `word/document.xml`, ilhali kijajuu kimo kwenye faili lingine kama `word/header1.xml`. Programu inayofungua lile la kwanza tu haitaona namba ya simu uliyoiweka juu kabisa. Kwenye PDF mambo hugeuka: kijajuu kinasomwa kila ukurasa, kwa hiyo jina na simu yako vinaweza kujipenyeza katikati ya maelezo ya kazi iliyoanza ukurasa wa kwanza na kuishia wa pili.

Kupima mwenyewe si vigumu. Chagua maandishi yote ya PDF, nakili, kisha bandika kwenye kihariri cha maandishi matupu. Hata yakitoka vizuri, usiridhike bado, maana kisomaji chako cha PDF huenda kina akili zaidi ya kutenganisha safu kuliko programu ya mwajiri. Kipimo kikali zaidi ni amri hii, inayoandikwa kwenye dirisha la amri la kompyuta yenye programu ya pdftotext:

```
pdftotext -layout wasifu.pdf -
```

Inayaacha maandishi mahali yalipo kwenye ukurasa. Soma kila mstari moja kwa moja hadi mwisho bila kusimama kwenye nafasi tupu. Ukikuta mstari umebeba mambo mawili yasiyohusiana, hamisha sehemu moja iwe chini ya nyingine, weka jina na simu kwenye mistari ya kwanza ya ukurasa wenyewe badala ya kijajuu, kisha pima tena.