Kompenseta ya lidi na ya lagi: nini kinaongezwa, na ziwekwe wapi

Chukua mota ya DC inayozungusha antena hadi pembe unayotaka, na mfumo wake wa wazi, yaani kabla hujafunga fidibeki, ni huu:

```
G(s) = 10 / (s(s+1))
```

Geini inashuka mpaka kufika 1 kwenye masafa ya kama radiani 3.1 kwa sekunde, na hapo fezi iko digrii -162. Ukomo ni -180 kwahiyo akiba ya fezi ni digrii 18 tu, ndo maana ukifunga mzunguko antena inapitiliza lengo inarudi inapitiliza tena, inayumba weee ndo itulie.

Hapo dawa ni lidi. Ina ziro na poli, ziro ikiwa masafa ya chini na poli juu yake, na katikati ya hizo mbili inainua fezi. Poli ikiwa mara 4 ya ziro unapata digrii kama 37. Ila haiji bure, pale katikati geini nayo inazidishwa mara 2, kwahiyo ile sehemu geini inapofika 1 inasogea kulia, na wengi wanakosea hapahapa, wanaiweka lidi kwenye 3.1 ya zamani. Tafuta masafa ambayo G peke yake ina geini ya nusu, hapa ni 4.4, weka katikati ya lidi hapo, ziro nusu yake yaani 2.2 na poli mara mbili yake yaani 8.8:

```
C(s) = (1 + s/2.2) / (1 + s/8.8)
```

G pale 4.4 ina akiba ya digrii 13 hivi, jumlisha 37 unapata 50, safi kabisa. Gharama yake ni kwamba masafa ya juu sasa geini imepanda mara 4, kelele za sensa zinaenda moja kwa moja kwenye mota, ukisikia mota inanguruma wakati antena imesimama anza kuishuku lidi.

Sasa tuseme antena inafuata setilaiti inayosogea kwa spidi moja. Lidi yetu haijagusa geini ya chini, antena bado inabaki nyuma kwa moja ya kumi ya spidi hiyo. Hapo ndo unaongeza lagi, poli chini ziro juu, ambayo inapandisha geini ya masafa ya chini mara 10 na kosa linashuka mara 10:

```
L(s) = (s + 0.44) / (s + 0.044)
```

Lagi inakula fezi, kwahiyo iweke mbali na 4.4, ziro iwe sehemu ya kumi yake. Ukifanya hivyo inakula digrii 5 tu na unabaki na 45 hivi. Usiisukume chini zaidi ukidhani unaokoa fezi, maana ziro ya 0.44 tayari inaacha mkia ambao kosa lake linachukua sekunde 2 hivi kushuka hadi kama theluthi, ukiipeleka 0.04 muda huo unakuwa sekunde zaidi ya 20, na kwenye grafu utaona antena imefika karibu na lengo haraka halafu inajikokota.