Je, kulala zamu ni kazi? Na muda wa njiani kati ya mteja na mteja?

"Nahudumia wazee majumbani huku Uingereza. Nikilala kwa mteja usiku mzima napewa pauni chache za jumla, na muda wa kutoka nyumba moja kwenda nyingine hauonekani kabisa kwenye slipu ya mshahara. Huo si muda wa kazi?"

Usiku ule ni muda wa kazi kwa sheria moja, na si muda wa kazi kwa sheria nyingine. Njia kati ya wateja inahesabiwa kwenye zote mbili, japo si lazima ionekane kwenye slipu.

Chukulia kuna saa mbili zimetundikwa ukutani pale kwa mteja. Ya kwanza inapima mapumziko. Hiyo ni ya Kanuni za Muda wa Kazi za 1998, zinazoweka wastani wa saa 48 kwa wiki (isipokuwa ukisaini kukubali zaidi) na saa 11 za kupumzika kati ya siku na siku. Ya pili inapima mshahara, nayo ni ya Kanuni za Kima cha Chini cha Mshahara za 2015. Saa hizi hazikutengenezwa na fundi mmoja. Moja inaweza kusonga huku nyingine imesimama, na wala si kwamba kuna iliyoharibika.

Watu wengi, wakiwemo mameneja, wanaamini iko moja tu. Ndipo hoja mbili za haraka zinapozaliwa. Mfanyakazi anasema, "Niko kwao, siwezi kutoka, kwa hiyo kila saa ilipwe." Mwajiri anasema, "Ulikuwa umelala fofofo, kwa hiyo ulikuwa unapumzika." Kila mmoja ameangalia saa isiyomhusu.

Tuanze na mwajiri. Mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya iliamua kesi ya daktari wa hospitali huko Kiel, Ujerumani, aliyekuwa na chumba chenye kitanda hospitalini na akiruhusiwa kulala wakati hahitajiki. Mahakama ikasema zamu yote ni muda wa kazi, hata dakika alizokoroma. Kinachopimwa ni kwamba yuko mahali alipoamriwa awepo, mbali na nyumbani kwake na watu wake, tayari kuitwa. Uingereza imetoka Umoja wa Ulaya, lakini kanuni zake za 1998 zimebaki. Kwa hiyo meneja anayekupangia kulala zamu kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, kisha zamu ya mchana inayoanza saa mbili asubuhi hiyo hiyo, hawezi kudai kwamba tayari umepumzika saa tisa. Kwenye sekta ya uangalizi anaweza kukupa mapumziko ya kufidia baadaye badala ya palepale, lakini hawezi kuyafuta.

Sasa mfanyakazi. Kesi iliyofunga mjadala iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza Machi 2021. Mhudumu mmoja alikuwa akilala kwa wateja wawili wenye ulemavu, saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, kwa malipo ya jumla ya pauni 29.05. Katika miezi 16 alilazimika kuamka kushughulika mara sita tu. Ngazi mbili za kwanza zilimpa ushindi, Mahakama ya Rufani ikampindua mwaka 2018, na Mahakama ya Juu ikakubaliana na Rufani. Sababu imeandikwa wazi kwenye kanuni: anayetakiwa kuwa tayari kazini lakini kwa mpango wa kulala, akapewa mahali pa kulala panapofaa, huhesabiwa kima cha chini kwa muda ule tu alioamka ili afanye kazi. Ukiamshwa saa nane usiku ukamhudumia mtu kwa dakika 40, dakika 40 zinaingia. Zinazobaki ni suala la mkataba wako, na hapo mwajiri anaweza kukulipa vizuri, au vibaya, bila kuvunja sheria ya kima cha chini.

Kuna tahadhari moja hapa. Maneno "kwa mpango wa kulala" yana uzito. Zamu ya kukesha, ambayo unatarajiwa uwe macho na ufanye raundi, inahesabiwa yote, hata kama usiku ulikuwa mtulivu. Ratiba ikisema "kulala" lakini mteja anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili, jina la zamu halitamwokoa mwajiri. Hapo daftari la usiku ndilo linaloamua: nani aliamka, saa ngapi, kwa muda gani.

Kwenye safari, saa ya mshahara inakuwa rafiki kidogo. Njia kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine ni muda wa kazi kwa kima cha chini. Njia kutoka kwako kwenda kwa mteja wa kwanza, na ile ya kurudi jioni, haimo. Ukiwa na nafasi ya saa nzima kati ya wateja na safari yenyewe ni dakika 20, ukabaki huru kufanya unachotaka, zinaingia zile 20.

Tuseme una wateja 12, nusu saa kila mmoja, na mwajiri anakulipa pauni 13 kwa saa ukiwa ndani ya nyumba ya mteja tu. Hizo ni saa 6, pauni 78. Katikati kuna safari 11 za dakika 12 kila moja, jumla saa 2 na dakika 12. Umefanya kazi saa 8.2. Gawa 78 kwa 8.2, unapata pauni 9.51 kwa saa, wakati kima cha chini kilichoanza Aprili 2025 kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21. Kwa kima hicho ulipaswa kupata angalau pauni 100.12. Umepunjwa pauni 22.12 kwa siku moja.

Lakini geuza mfano: kama mwajiri angelipa pauni 17 kwa saa ya kuwa kwa mteja, ungepata pauni 102, na asingekuwa amekiuka kima hicho cha chini, ingawa slipu haina mstari hata mmoja wa safari. Sheria hailazimishi safari ilipwe peke yake. Inalazimisha jumla ikigawiwa kwa saa zote isishuke chini ya kima, na hesabu hufanywa kwa kipindi kizima cha malipo, mara nyingi mwezi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwajiri ni hili: saa zangu zote za mwezi, pamoja na njia, ni ngapi? Ratiba inayoonyesha mteja wa kwanza anamalizika saa tatu kamili na wa pili anaanza saa tatu kamili, maili nne mbali, imeshajibu nusu ya swali. Kumbukumbu za kuingia na kutoka kwenye programu ya simu hujibu nusu nyingine, kwa hiyo zipige picha kabla hujaacha kazi, kwani siku ukiondoka akaunti hufungwa.

Ajabu inajirudia kwenye safari ya kwanza ya asubuhi. Mwaka 2015 Mahakama ya Ulaya ilisikiliza kesi ya mafundi wa vifaa vya ulinzi Hispania, ambao ofisi zao za mikoani zilifungwa wakawa wanatoka nyumbani moja kwa moja kwa wateja, wakati mwingine zaidi ya kilomita 100. Ikasema kwa asiye na kituo maalumu, safari ya kwanza na ya mwisho ni muda wa kazi. Ila mahakama hiyo hiyo ikaongeza kwamba malipo ya muda huo yanaamuliwa na sheria za nchi. Ndiyo maana mhudumu asiye na kituo Uingereza anaweza kudai saa moja ya barabarani asubuhi ihesabiwe ndani ya saa zake 48 za wiki, na asipate hata senti kwa ajili yake.