Kwa nini damu ya mwenye hemofilia hukoma kisha ikarudi

Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitano na uzito wa kilo 18. Alitahiriwa asubuhi, akavuja damu kiasi cha kawaida, na kufikia adhuhuri bendeji ilikuwa kavu. Alfajiri ya siku ya pili mama yake alimleta hapa Lamu akiwa amemfunga kwa kanga iliyolowa. Aliniambia hivi: "Jana ilikata, daktari, nikalala moyo wangu umetulia. Ilipoadhiniwa alfajiri nikaona shuka yote ni damu." Nilimuuliza kuhusu wanaume wa upande wake, akanijibu kwamba kaka yake mkubwa alifariki akiwa kijana baada ya kung'olewa jino.

Maneno ya mama huyo yalikuwa na mambo mawili yenye thamani kuliko kipimo chochote. La kwanza ni huyo mjomba, kwa sababu hemofilia, ugonjwa wa damu kushindwa kuganda vizuri, hurithiwa kupitia kwa mama na huwaathiri zaidi wavulana. La pili ni kwamba damu ilikata kwanza, kisha ikarudi. Hilo la pili ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kuganda kwa damu kwa mchoro ambao hauwezi kulieleza.

Mchoro wenyewe ulitokana na kazi mbili zilizochapishwa mwaka 1964, moja ya Macfarlane na nyingine ya Davie na Ratnoff. Walionyesha kwamba fakta za kugandisha damu, yaani protini za damu zilizopewa namba za Kirumi, huamshana moja baada ya nyingine kama maji yanayoporomoka ngazi kwa ngazi. Baadaye mchoro huo ukazoeleka kama herufi ya Y. Mkono mmoja ni njia ya ndani, unaoanza kwa fakta ya XII na kupitia XI, IX na VIII. Mkono wa pili ni njia ya nje, unaoanza kwa fakta ya tishu na fakta ya VII. Mikono hiyo hukutana kwenye fakta ya X, ambayo hugeuza prothrombini kuwa thrombini, nayo thrombini hugeuza fibrinojeni kuwa nyuzi za fibrini. Kwa kusoma vipimo vya maabara mchoro huo bado unafaa sana, na mimi huutumia kila siku. Tatizo huanza pale mtu anapoamini kwamba ndivyo mwili unavyofanya kazi.

Nilipima damu ya mtoto kwa mkono, ndani ya beseni la maji ya nyuzi 37. Katika kipimo cha PT, kinachopima njia ya nje, unatia plazma kwenye tyubu, unaongeza thromboplastini yenye kalsiamu, unabonyeza saa ya sekunde na kuanza kuinamisha tyubu polepole mbele ya taa. Kwanza majimaji huteleza kama maji, kisha ghafla uzi mwembamba mweupe hujitokeza na kuyashika. Uzi wake ulionekana kwenye sekunde ya 13, sawa na plazma ya mtu mzima wa afya. Katika kipimo cha APTT, ambacho hupima njia ya ndani kwa kuamsha fakta ya XII kwa unga wa silika na kemikali za mafuta, plazma ya kawaida iliganda kwa sekunde 32, nayo ya mtoto ikachukua sekunde 74. Nilipochanganya plazma yake na ya kawaida nusu kwa nusu, muda ukashuka hadi 35, maana yake kuna fakta iliyopungua na wala si kingamwili inayoizuia. Plazma iliyogandishwa kwenye barafu ilivuka kwa mashua hadi Mokowe, kisha ikaenda Mombasa kwa barabara. Jibu lililorudi lilisema kwamba fakta ya VIII ni asilimia 3, yaani hemofilia A ya kiwango cha kati.

Sasa tuukabili mchoro wa Y kwa swali moja. Njia ya nje ya mtoto huyu ni nzima, PT yake imethibitisha. Ana fakta ya tishu, ana fakta ya VII, ana fakta ya X. Kwa nini basi njia hiyo isitengeneze thrombini ya kutosha na kuuacha mkono wa pili ukae bila kazi? Mchoro hauna jibu.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1977, Østerud na Rapaport walipoonyesha kwamba fakta ya tishu ikishirikiana na fakta ya VII haiamshi fakta ya X peke yake, bali huamsha na fakta ya IX. Mikono miwili ya Y ilikuwa imeunganishwa tangu mwanzo kabisa. Mwaka 2001 Hoffman na Monroe walieleza kwa ukamilifu mtazamo ambao haupangi mambo kwa njia mbili bali kwa hatua tatu: uanzishaji, ukuzaji na uenezaji. Jambo kubwa katika mtazamo huo ni mahali, yaani kila hatua inatendeka juu ya seli gani.

Uanzishaji hutendeka juu ya seli zilizo nje ya mshipa, ambazo hubeba fakta ya tishu kwenye ngozi zao na kwa kawaida hazikutani na damu. Kisu kinapokata, damu huzifikia. Sehemu ndogo ya fakta ya VII, kama asilimia 1, huzunguka mwilini ikiwa tayari imeamshwa, nayo hushikamana na fakta ya tishu na kuamsha fakta ya X na ya IX. Fakta ya X iliyoamshwa hubaki papo hapo juu ya seli ile na kutengeneza thrombini kidogo sana, isiyotosha kuziba jeraha.

Thrombini hiyo kidogo ni kama njiti ya kibiriti. Kazi yake ni kuwasha, na huo ndio ukuzaji. Huamsha chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zilizokwisha kukusanyika kwenye jeraha, huamsha fakta ya V, huiachanisha fakta ya VIII na protini ya fon Wilebrandi inayoibeba, kisha huiamsha, na huamsha fakta ya XI. Tazama hapo: fakta ya XI imeamshwa na thrombini, bila kuingoja fakta ya XII.

Uenezaji ndio wenye jibu la swali letu. Kazi kubwa sasa inatakiwa kufanyika juu ya chembe sahani, si juu ya seli ya mwanzo, na baina ya nyuso hizo mbili kuna damu ya kuvuka. Fakta ya X iliyoamshwa haivuki. Inapoachana na seli yake hukamatwa mara moja na antithrombini pamoja na kizuizi cha njia ya fakta ya tishu, na kizuizi hicho hicho hurudi kuifunga fakta ya tishu yenyewe. Fakta ya IX iliyoamshwa huvuka, kwa sababu kizuizi hicho hakiishiki na antithrombini huikamata polepole. Anayeishi Lamu na kutaka kwenda kupanda ndege Manda analijua jambo hili bila kusoma biokemia: miguu imara haikufikishi, unahitaji chombo cha kuvukia.

Fakta ya IX ikishafika kwenye chembe sahani huungana na fakta ya VIII iliyoamshwa, na muungano huo huamsha fakta ya X kwa wingi mkubwa pale pale inapohitajika. Fakta ya X huungana na ya V, na thrombini hufumuka kwa mkupuo. Mkupuo huo ndio unaosokota nyuzi za fibrini nyembamba na zilizobanana, huamsha fakta ya XIII inayozifunga pamoja, na huamsha kinga inayozuia donge lisiyeyushwe mapema.

Kwa mtoto wetu uanzishaji ulikwenda sawa. Chembe sahani zake ni nzima, zikakusanyika na kuziba jeraha, na fibrini kidogo ikapatikana. Ndiyo sababu bendeji ilikauka adhuhuri. Lakini fakta ya IX ilipovuka haikumkuta mwenzake wa kutosha, mkupuo haukutokea, na donge likabaki la nyuzi nene zilizoachana. Usiku mwili ulipoanza kuyeyusha madonge kama kawaida yake, hilo halikuwa na cha kujikingia.

Na PT ilikuwa ya kawaida kwa sababu ndani ya tyubu hakuna mahali pa kuvuka. Thromboplastini ina fakta ya tishu nyingi kupita kiasi, na kila kitu hutendeka juu ya matone yale yale ya mafuta. Ukiipunguza nguvu kwa kuizimua mara nyingi, plazma ya mwenye hemofilia nayo huanza kuchelewa. Zaidi ya hayo, saa tunaisimamisha uzi wa kwanza unapoonekana, wakati ambapo thrombini iliyotengenezwa ni kama asilimia 5 tu ya itakayotengenezwa. Asilimia 95 iliyobaki, ambayo ndiyo ugonjwa wake, hatukuipima.

Matibabu yalifuata mantiki hiyo. Tulibana jeraha, tukampa asidi ya traneksamiki ili donge dhaifu lisiyeyushwe, na ilipofika fakta ya VIII kutoka Mombasa tukafanya hesabu. Yuniti 1 kwa kila kilo hupandisha kiwango kwa takriban asilimia 2. Kichupa kimoja cha yuniti 500 kwa kilo 18 kilimpandisha kwa takriban asilimia 55. Damu ilikata siku hiyo, nasi tukaendelea kumpa dozi hadi kidonda kilipofunga, kwa sababu fakta hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa kama 12, na kwa watoto wadogo hupungua upesi zaidi.

Mtazamo huu una upande wake wa pili, nao nilikutana nao kwa mvuvi mmoja wa makamo. Upasuaji wake wa ngiri ulikuwa umeahirishwa mara mbili katika hospitali moja kwa sababu APTT yake ilipita sekunde 150 bila kuganda. Mara ya pili alikuwa amekwisha kutiwa plazma mifuko miwili. Nilipomuuliza, alikuwa ametahiriwa, ameng'olewa meno matatu, na amewahi kupasuliwa mguu na mwiba wa taa baharini, na kote huko damu haikumsumbua. Plazma yake ikichanganywa na ya kawaida muda ulirekebika, na fakta ya XII haikuonekana kabisa.

Kwa mchoro wa Y, mtu huyu aliyekosa ngazi ya kwanza kabisa angepaswa kuvuja kuliko yule mtoto. Kwa hatua tatu hana tatizo lolote: fakta ya tishu huanzisha, thrombini huiamsha fakta ya XI, na fakta ya XII haina nafasi katika kukata damu ya jeraha. Ni unga wetu wa silika ndani ya tyubu unaoihitaji. Upungufu huo uliwahi kuelezwa mwaka 1955 kwa mgonjwa wa Ratnoff aliyeitwa John Hageman, ambaye naye hakuwa akivuja damu. Hageman alifariki mwaka 1968 kwa donge la damu lililokwenda kwenye mapafu baada ya kuvunjika nyonga, kwa hiyo APTT ndefu ya namna hii haimkingi mtu na kuganda kusikotakiwa.

Kwenye kadi ya mvuvi niliandika mambo matatu: apasuliwe bila kutiwa plazma, apewe kinga ya madonge kama mgonjwa mwingine yeyote, na akihitaji heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kiwango chake kisipimwe kwa APTT bali kwa kipimo cha kuzuiwa kwa fakta ya X. Alipasuliwa wiki iliyofuata. Daktari wa upasuaji aliniambia kwamba kitambaa alichotumia kufutia damu hakikujaa hata kimoja.